Seramu ya vitamini C imegeuka rangi ya chai ndani ya chupa: imeharibika, ama ndiyo kawaida yake?

BintiKisauni
Assalaam aleikum wenzangu, na habari za jioni kwa wote. Nina seramu ya vitamini C ya asilimia 20, chupa ya mililita 30, niliyoinunua mjini kwenye duka moja la vipodozi ambalo sitalitaja. Siku nilipoifungua haikuwa na rangi, labda manjano kwa mbali sana. Sasa haijafika hata nusu na imekuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Huwa naiweka kwenye meza ya kioo chumbani, karibu na dirisha, na kifuniko nafunga kila mara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nikiamka naona viganja na pembeni mwa kucha pana madoa ya rangi ya chungwa. Foronya nyeupe nayo imeshika rangi pale ninapolalia shavu, na hapa mbele kwenye mstari wa nywele pameingia ukahawia usiotoka kwa sabuni. Je, nimeuziwa bandia? Niimalize tu, maana pesa zilikwenda nyingi, ama niitupe?

MamaZuhura
Waaleikum salaam mwanangu. Itupe leo leo. Vitamini C nzuri haina rangi, ukiona rangi yoyote ujue ni bandia au imepitwa na muda. Binti yangu anatumia ya duka la dawa, amekaa nayo muda mrefu na iko vile vile, haijabadilika hata chembe. Hiyo ndiyo ya kweli. Tena seramu ni vitu vya friji, si vya kuwekwa dirishani.

OmariLikoni
Samahani, hii ndiyo ile seramu ya kujichubua? Nauliza kwa sababu nina chunusi na alama nyeusi mashavuni, na kuna mtu kaniambia nipake maji ya ndimu kwani ni vitamini C ile ile bila gharama. Nimepaka, inawasha vibaya.

MaabaraTudor
Kaka Omari, acha ndimu kwanza, nitakurudia.

Dada BintiKisauni, kugeuka rangi peke yake si dalili ya bandia. Bandia mara nyingi haigeuki kwa sababu haina kitu cha kugeuka. Yako imegeuka kwa sababu ndani mlikuwa na asidi askobiki halisi, ndiyo vitamini C yenyewe, tena nyingi, na imekwisha kuliwa na hewa kwa kiasi fulani.

Ilivyo ni hivi. Asidi askobiki inafanya kazi kwenye ngozi kwa sababu iko tayari kutoa elektroni zake kwa chochote kinachozitaka. Jua linapozalisha vile vichokozi kwenye ngozi, vitamini inajitoa ivichukue hivyo badala ya ngozi. Sasa tabia hiyo hiyo iko nayo ndani ya chupa. Oksijeni iliyo juu ya maji ya seramu nayo inataka elektroni, na inapewa. Hatua ya kwanza, vitamini inakuwa dehidroaskobiki, ambayo haina rangi kabisa, na hapo bado inaweza kurudi kuwa vitamini. Hatua ya pili, maji yanaufungua mduara wa molekuli yake, na ikifika hapo hairudi tena. Baadaye inakatika vipande vidogo, na vipande hivyo vikikutana ndipo linakuja manjano, halafu chungwa, halafu kahawia.

Kwa hiyo rangi inafika nyuma ya uharibifu. Unapoona chai, kazi imeshafanyika zamani. Na kinyume chake pia ni kweli: seramu inaweza kupoteza sehemu ya nguvu zake kabla jicho lako halijaona lolote.

Kuhusu viganja na foronya: kimoja kati ya vile vipande ni sukari iitwayo eritrulosi. Hiyo ndiyo inayotiwa kwenye losheni za Wazungu za kuifanya ngozi iwe ya kahawia bila kuota jua. Inashikana na protini za ngozi ile ya juu iliyokwisha kufa na kuacha rangi. Ndiyo maana sabuni haiitoi, na ndiyo maana inashika zaidi penye ngozi nene, viganjani na pembeni mwa kucha. Haijaingia ndani. Ngozi hiyo ya juu ikipukutika, nayo inaondoka, kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo tangu uache.

Sasa kwa nini imeenda mbio hivyo? Umeipa kila kitu ilichokuwa haikitaki. Dirisha limeipa mwanga, Kisauni imeipa joto, na dropa imeipa hewa. Kila ukivuta na kurudisha dropa unapulizia hewa mpya mle ndani. Na kadiri seramu inavyopungua, nafasi ya hewa inaongezeka, ndiyo sababu nusu ya pili ya chupa huharibika haraka kuliko ya kwanza.

MamaZuhura, tafadhali tusomee lebo ya hiyo ya binti yako. Nina wazo, lakini nataka nione jina kwanza.

DukaKibokoni
Mimi nauza vipodozi, acha niseme la upande wetu. Mzigo mwingine unakaa kwenye kontena juani pale Kilindini kabla haujatoka, na kontena la chuma likipigwa na jua la saa saba ndani hapakaliki. Ukifika dukani, mteja anataka auone, basi unapangwa kwenye kabati la kioo chini ya taa. Mimi nimeacha. Seramu za vitamini C naziweka ndani ya boksi zake, kwenye rafu ya chini, na naagiza chache chache.

Lakini na nyinyi wateja mnatuponza. Mtu akiingia anauliza asilimia tu. Nikimpa ya 10 anaona namdharau, anataka 20, anataka 30, kwamba ndiyo kali. Sasa nani ataleta ya 10?

MaabaraTudor
Hilo la asilimia umelileta wakati wake. Mwaka 2001 Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima ni kiasi gani cha asidi askobiki kinaingia kweli kwenye ngozi. Walifanya kwenye ngozi ya nguruwe, kwa sababu haiko mbali na ya binadamu. Waliona mambo mawili ambayo mpaka leo watengenezaji wanayafuata. La kwanza, isipokuwa pH, yaani kile kipimo cha ukali wa asidi, iko chini ya 3.5, haiingii ya maana. Juu ya hapo molekuli nyingi zaidi zinakuwa na chaji, na chenye chaji ngozi hukizuia mlangoni. La pili, kuingia kunaongezeka na asilimia mpaka 20, ukipita hapo kunapungua. Kwa hiyo anayekuuzia seramu ya maji ya asilimia 30 anakuuzia mwasho, hakuongezei kinachoingia.

Chini nako kuna mpaka. Waganga wa ngozi hutaja asilimia 8 kama kiwango ambacho chini yake hakuna la kutarajia sana. Basi kati ya 10 na 20 ndipo penye uwanja. Ngozi nyepesi ya kuwasha ianze na 10. Mimi naona 15 inamtosha karibu kila mtu.

Na kama yupo mwenye wasiwasi wa kukosa siku: hao hao waliona kwamba iliyokwisha kuingia inachukua kama siku 4 kupungua nusu. Ukiruka siku moja hujaharibu kitu.

MwanaMkunguni
Samahani mwalimu, umesema nguruwe. Ina maana seramu hizi zina nguruwe ndani? Maana mimi naswali nayo usoni.

MaabaraTudor
La, bibi. Nguruwe alikuwa wa kupimia tu kwenye utafiti. Vitamini C yenyewe hutengenezwa viwandani kutokana na sukari ya glukosi, mara nyingi ya mahindi, na bakteria wanafanya sehemu ya kazi. Hilo la vitamini liko salama. Viungo vingine vya chupa yako, soma lebo au umuulize mtengenezaji kwa uhakika.

MamaZuhura
Nimeletewa chupa. Imeandikwa sodiamu askobili fosfeti asilimia 5. Mbele imeandikwa Vitamini C kwa herufi kubwa. Sasa hiyo fosfeti ndiyo nini?

MaabaraTudor
Ndilo nililokuwa nalifikiri, mamangu. Hiyo ni jamaa ya vitamini C, si asidi askobiki yenyewe. Wamechukua molekuli na kuifunika ile sehemu inayotoa elektroni kwa kipande cha fosfeti. Ikishafunikwa, hewa haipati pa kushika, kwa hiyo inakaa bila kubadilika rangi. Inataka pH ya karibu 7, ndiyo maana haichomi. Iko na ndugu yake wa magnesi, na yupo mwingine aliyefunikwa kwa sukari, askobili glukosidi.

Lakini kuna bei ya utulivu huo. Ikiwa bado imefunikwa haifanyi kazi ya vitamini C. Lazima ipenye ngozi kwanza, halafu vimeng'enya vya ngozi viivue hicho kifuniko. Hapo ndipo penye mabishano. Pinnell alijaribu ile ya magnesi na ile ya mafuta iitwayo askobili palmiteti, na hakuona vitamini C ikiongezeka ndani ya ngozi. Watengenezaji wa jamaa hizi wana vipimo vyao vinavyosema vingine. Mimi nasema hivi: ushahidi wa asidi askobiki tupu ni mzito zaidi, ila asidi iliyokwisha kugeuka chai haishindi fosfeti iliyo nzima.

Kwa hiyo ya binti yako si bandia, na ya huyu dada pia si bandia. Ni vitu viwili tofauti vilivyoandikwa jina moja mbele ya chupa.

Kaka Omari, hapa ndipo ninapokurudia. Sodiamu askobili fosfeti imejaribiwa kwa chunusi, kwa asilimia 1 na kwa asilimia 5, na imesaidia. Kwa ngozi yako yenye mwasho ningeanzia hapo. Ndimu achana nayo kabisa. Gramu 100 za maji ya ndimu zina vitamini C miligramu 30 hivi, wakati seramu ya asilimia 15 ina gramu 15 nzima kwenye kiasi hicho hicho. Tena ndimu ina kitu kinachoungana na jua na kuiunguza ngozi, unabaki na weusi mbaya kuliko ule wa chunusi. Na seramu hii si dawa ya kujichubua kama ulivyouliza, inapunguza alama polepole, haibadilishi rangi yako.

OmariLikoni
Shukran. Ndimu nimeacha. Hiyo ya fosfeti nitaitafuta.

KadzoMtwapa
Mimi sinunui za chupa, najichanganyia. Poda ya asidi askobiki tupu ni bei nafuu, naweka gramu 3 kwenye maji nijaze mpaka 20, nakoroga, napaka wiki moja namwaga. Lakini kuna jambo linanishangaza: nikitumia maji ya kisima chetu, siku ya pili tu imeshakuwa manjano. Nikitumia ya chupa ya supamaketi inakaa zaidi. Maji yote naona yako safi. pH pia nimepima, karatasi ya bwawa la kuogelea inaonyesha 6.2, nikadhani hii haina ukali wa kutosha. Ila usoni inachoma kweli kweli!

DukaKibokoni
Kadzo, tumia maji ya betri, yale yanauzwa kituo cha petroli. Hayana chumvi hata kidogo.

MaabaraTudor
Hapana, hapana! DukaKibokoni, nia yako ni njema na nusu ya neno lako ni sawa, maji yaliyokenekwa ndiyo yanayotakiwa. Lakini kituo cha petroli kinauza chupa mbili zinazofanana: moja maji ya kuongezea betri, nyingine asidi ya betri yenyewe. Watu huziita zote kwa jina moja. Uso hauhitaji bahati nasibu hiyo. Kadzo, nenda duka la dawa uulize maji ya sindano, yale ya chupa ndogo za plastiki za kukatwa shingo. Ni safi, na kila chupa inafunguliwa mara moja tu.

Kisima chako kinaharibu kwa sababu ya madini. Chuma na shaba, hata kwa kiasi kisichoonekana wala kuonjeka, zinaiharakisha oksijeni kuila vitamini. Bomba kuukuu lenye kutu linatosha. Ndiyo maana seramu za viwandani hutiwa kitu cha kuyafunga madini hayo yasitembee. Kijiko cha chuma cha kukorogea nacho kiache, tumia cha plastiki au kioo.

Ile karatasi ya bwawa imekudanganya. Imetengenezwa kwa maji ya bwawa, chini kabisa inasoma kama 6.2, basi hata ukiichovya kwenye siki itakuambia 6.2. Mchanganyiko wako wa asilimia 15 bila kitu kingine uko karibu na pH 2, ndiyo maana unachoma. Tafuta karatasi zinazoshuka mpaka 1 au 2, uongeze magadi soda kidogo kidogo mno, yale ya kupikia, mpaka ufike 3 au juu yake kidogo. Itatoa povu, subiri litulie ndipo upime tena. Kwa mililita 20 zako unazungumzia chembe ya ncha ya kijiko, chini ya robo gramu. Ukizidisha ukapita 3.5, umejitengenezea maji yasiyoingia.

Na nyinyi mnaochanganya, tengenezeni kidogo. Wiki moja ni ndefu kwa hali ya hewa ya huku, isipokuwa iwe kwenye friji.

BintiKisauni
Mwalimu, nimekuelewa. Lakini swali langu bado lipo. Nitajuaje imebaki kiasi gani? Labda rangi imeingia lakini dawa bado iko nyingi.

MaabaraTudor
Ni swali zuri, na unaweza kulijibu mwenyewe jikoni. Nenda duka la dawa ununue povidoni ayodini ya asilimia 10, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia. Hakikisha ni ile ya kawaida, si ile ya sabuni inayotoa povu. Nunua na sindano mbili ndogo za mililita 1 zinazofanana, bila sindano ya kudungia.

Chemsha unga wa muhogo kidogo kwenye maji mengi upate maji mepesi yenye wanga, uyaache yapoe. Chukua glasi, tia vijiko viwili vya maji safi na kijiko kidogo cha yale maji ya wanga. Kwa sindano ya kwanza, dondosha tone 1 tu la seramu, ukoroge. Kwa sindano ya pili, dondosha ayodini tone moja moja ukikoroga na kuhesabu. Kila tone litaingia na weusi wa buluu, halafu litapotea. Hiyo ni vitamini C inayoipa ayodini elektroni zake. Vitamini ikiisha, hakuna wa kuipokea ayodini, nayo itashika wanga, na ile buluu nyeusi itabaki bila kuondoka. Ikibaki nusu dakika bila kufifia, simama.

Hesabu yake ni hii. Ayodini ya asilimia 10 ina ayodini inayofanya kazi kama miligramu 10 kwa mililita. Kwa matone yenye ukubwa sawa, tone 1 la seramu ya asilimia 15 iliyo nzima linakula matone kama 21 au 22. La asilimia 20 linakula kama 29. Basi hesabu yako igawe kwa 29, uzidishe kwa 20, utapata asilimia iliyobaki. Dehidroaskobiki na vile vipande vya kahawia havimo kwenye hesabu, havina elektroni za kumpa ayodini. Kinachohesabiwa ni vitamini iliyo hai.

Si kipimo cha mahakamani. Matone hayalingani sawasawa, na seramu nzito hudondosha tone tofauti na maji. Rudia, uchukue wastani. Ila tofauti ya 29 na 10 haiwezi kukupotea.

MwanaMkunguni
Jamani nimeibiwa! Ayodini tunayo nyumbani, wanga nao upo, nimepima usiku huu huu. Tone la kwanza tu la ayodini, glasi nzima imekuwa buluu nyeusi na haikuondoka. Seramu yangu haina rangi hata kidogo, nzuri kabisa ukiiangalia, kumbe ni maji matupu. Kesho asubuhi narudi dukani nikadai pesa zangu.

KadzoMtwapa
Pole shoga. Rudi nayo na glasi wakaone.

MaabaraTudor
Ngojeni kwanza, msiende kugombana. Bibi, soma nyuma ya chupa, kiungo cha vitamini kimeandikwaje?

MwanaMkunguni
Askobili glukosidi.

MaabaraTudor
Basi hujaibiwa, angalau si kwa kipimo hiki. Nilipaswa kulisema hili pamoja na lile la fosfeti: jamaa hizi zimefunikwa pale pale ambapo elektroni hutoka. Hewa haipati kitu, na ayodini nayo haipati kitu. Glukosidi iliyo nzima kabisa itakupa buluu kwenye tone la kwanza. Kipimo hiki ni cha asidi askobiki tupu peke yake. Kwa yako hakuna kipimo cha jikoni, unabaki na kumwamini muuzaji na tarehe iliyoandikwa.

MwanaMkunguni
Alhamdulillahi sikuwa nimeshatoka nyumbani. Ahsante.

DukaKibokoni
Na mimi nakushukuru, maana huenda duka lenyewe lilikuwa langu.

Nina swali langu pia. Zile za asilimia 23 na 30 za rangi nyeupe, ukipaka unasikia mchanga-mchanga, hizo vipi? Umesema juu ya 20 haifai, lakini wateja wangu wa Nyali wanazipenda na sijawahi kurudishiwa moja iliyogeuka rangi.

MaabaraTudor
Hizo hazina maji. Ni poda ya asidi askobiki iliyoelea ndani ya silikoni, na mchanga unaousikia ni poda yenyewe. Nilichosema kuhusu 20 kilipimwa kwenye mchanganyiko wa maji, huwezi kukihamisha kilivyo. Poda inayeyuka kwenye unyevu wa ngozi yako baada ya kupaka, na ni kiasi gani kinayeyuka kabla hujaoga kinategemea mengi. Zinakaa bila kugeuka kwa sababu bila maji ule mduara haufunguki kirahisi. Adui wao huku kwetu ni unyevu wa hewa. Ukiziweka kwenye friji, ukitoa usifungue hapo hapo, ziache zipate joto la chumba kwanza. Chombo cha baridi kikifunguliwa kwenye hewa ya Mombasa hutoa jasho mpaka ndani. Hata wewe Kadzo na poda yako, ni hivyo hivyo.

BintiKisauni
Nimepima mara kadhaa. Buluu inabaki nikifika tone la 10, mara moja ilifika 11. Kwa hesabu yako ni asilimia 7 hivi, kutoka 20. Sikutarajia kuwa theluthi mbili imeshakwenda. Sasa naona vibaya kumwaga.

MamaZuhura
Asilimia 7 bado ni dawa mwanangu. Binti yangu anatumia 5 na ngozi yake imenyooka. Usimwage, ipake mikononi na magotini.

MaabaraTudor
Mamangu, 5 ya fosfeti na 7 ya asidi si za kupimwa kwa kibaba kimoja, ni vitu viwili. Ila magotini sikukatazi. Tatizo langu na kuipaka usoni si zile 7 zilizobaki, ni 13 zilizokwisha kugeuka. Eritrulosi itaendelea kutia madoa kila siku, na mtu anayetafuta kuondoa alama za usoni hana haja ya kujipaka kinachoacha rangi.

KadzoMtwapa
Mimi ningeimalizia mguuni. Manjano ya kwanza kwanza je? Yangu ikifika siku ya nne inakuwa manjano hafifu. Niendelee ama nimwage?

MaabaraTudor
Hafifu mimi naendelea nayo, wenzangu wengine wanamwaga. Pima kwa ayodini uamue kwa namba yako. Halafu kumbuka zipo seramu zinazoanza na manjano hafifu tangu kiwandani, hasa zile zenye asidi feruliki na vitamini E. Mwaka 2005 hao hao wa Duke walionyesha kwamba ukiweka asidi feruliki nusu asilimia kwenye asilimia 15 ya vitamini C na asilimia 1 ya vitamini E, mchanganyiko unatulia zaidi, na kinga yake dhidi ya jua inaongezeka maradufu. Losheni ya kukinga jua unapaka juu yake pale pale, haibadilishwi na hii. Kwa hiyo usiilinganishe seramu na maji, ilinganishe na ilivyokuwa siku ya kwanza. Siku unayofungua, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya shashi, upige picha mchana karibu na dirisha. Baada ya wiki chache dondosha lingine, uzilinganishe.

BintiKisauni
Basi ile ya zamani imekwenda magotini. Nimenunua ya asilimia 15 yenye feruliki, chupa ya mililita 15 tu, ya kahawia nzito, kwa DukaKibokoni, naye kanitolea ndani ya boksi. Nimeipima siku ile ile, buluu imebaki tone la 20. Iko kwenye friji, mlangoni ndani ya mkebe. Swali la mwisho mwalimu: huku kwetu stima inapotea, mara nyingine mchana kutwa. Itaharibika?

MaabaraTudor
Tone la 20 kwa asilimia 15 ni karibu nzima. Stima isikusumbue. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza mwendo wa uharibifu mara mbili, basi kati ya friji na chumba chako ni kama mara sita. Mchana mmoja wa friji lisilo na umeme, tena mlango ukiwa umefungwa, ni sawa na kuizeesha siku moja au mbili za friji. Kinachoiua ni kusahaulika mezani mwezi mzima. Itoe mlangoni tu, iweke nyuma kwenye rafu, mlango unafunguliwa mno na wenye kiu.